Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: video yako ni ndefu kuliko YouTube inavyoruhusu

Maswali haya yameokotwa kaunta, kwenye chumba cha kuhariri video pale Mwanjelwa, Mbeya. Wanaouliza ni wapiga video wa harusi na sendofu, vijana wa mitambo makanisani, na walimu wa kwaya wanaotoka hadi Tukuyu, Makambako na Mafinga na memori kadi mfukoni. Wote wana shida moja: shughuli ni ndefu, mteja anataka linki, na YouTube imekataa. Nimeanza na yale ya msingi. Ukiwa na haraka, ruka hadi mfano wa harusi ya Tukuyu katikati ya ukurasa, maana ndio uliobeba mzigo.

## Mipaka yenyewe

YouTube inaruhusu video ya urefu gani na ukubwa gani?

Chaneli ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu inaruhusiwa video isiyozidi dakika 15. Ikishathibitishwa, mpaka unapanda hadi saa 12 za urefu au GB 256 za ukubwa, kutegemea kipi kinafikiwa kwanza. Kwa saa 12 namaanisha urefu wa video, si saa kumi na mbili ya jioni. Nasema hivi kwa sababu kuna aliyenielewa kwamba YouTube hufunga jua likizama.

Mpaka wa tatu ni idadi ya video kwa siku. Huo hauna namba moja kwa watu wote. Unategemea nchi na historia ya chaneli, na una sehemu yake huko chini.

Ibada ya saa 2 imekataliwa kwamba ni ndefu mno. Mbona chaneli nyingine zina ibada za saa 3?

Chaneli yako haijathibitishwa. Karibu kila anayekuja na lalamiko hili ana shida hiyo hiyo, na dawa yake haizidi dakika tano.

Fungua kivinjari ukiwa umeingia kwenye akaunti ya chaneli husika, kisha nenda `youtube.com/verify`. Chagua nchi, weka namba ya simu, chagua kupokea msimbo kwa ujumbe mfupi au kwa kupigiwa, kisha uandike huo msimbo. Basi. Video iliyokataliwa haitafufuka yenyewe, kwa hiyo ifute na upandishe upya.

Naomba usifanye nilichofanya mimi mwanzoni. Nilikuwa na sendofu ya saa 4 na dakika 20. Nilipoona imekataliwa, nikaikata vipande 18 vya dakika kumi na nne na ushei, nikakesha navipandisha kimoja kimoja. Asubuhi mama mzazi wa binti akanipigia. "Shikamoo mama," nikaanza. "Marahaba mwanangu. Mbona nimeona watu wanaingia ukumbini tu, halafu imekwisha? Keki iko wapi?" Keki ilikuwa kipande cha kumi na moja. Na kipande cha kumi na moja hakikuwa kimepanda, kwa sababu nilikuwa nimegonga mpaka wa idadi ya siku. Nilijiumiza kwa mipaka miwili, na wote ungeondolewa na msimbo mmoja wa simu.

Namba imekataliwa. Inasema imetumika mara nyingi.

Namba moja ya simu inathibitisha chaneli mbili tu kwa mwaka. Hii huwakuta sana mafundi waliowafungulia watu chaneli kwa laini yao wenyewe: kwaya moja, kanisa moja, na ya tatu inagoma. Tumia laini ya mwenye chaneli. Hata bila mpaka huo ningekushauri hivyo, maana chaneli ya kwaya iliyoshikwa na laini ya fundi huwa kesi siku mkikosana.

Kati ya saa 12 na GB 256, kipi kitanigonga kwanza?

Kwa kazi zetu, saa 12. Gawanya GB 256 kwa saa 12, unapata GB 21 na kidogo kwa kila saa, sawa na megabiti 47 kwa sekunde. Kamera nyingi za harusi zinarekodi chini ya hapo. Kamera ya megabiti 24 kwa sekunde, hata ikirekodi saa 12 mfululizo, haitafika GB 130.

Anayegongwa na ukubwa kwanza ni mwenye kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100. Hiyo inakula GB 45 kwa saa, na inafika GB 256 kabla ya saa ya sita kwisha. Lakini ni nani huku kwetu atapandisha GB 256 kwa bando? Mtandao utakugomea zamani kabla YouTube haijafungua mdomo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu kupunguza uzito wa faili, ingawa uzito huo YouTube yenyewe haina shida nao.

## Kukadiria kabla ya kuanza

Nitajuaje ukubwa wa faili kabla sijalirenda?

Usikisie kwa kuangalia urefu peke yake, wala kwa kusema "ni HD". Ukubwa ni kasi ya biti mara muda, hakuna siri nyingine. Programu yoyote ya kuhariri inakuuliza kasi hiyo wakati wa kutoa faili, kwa megabiti kwa sekunde.

Shika namba moja tu kichwani: megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 kwa sekunde, na hiyo ni GB 3.6 kwa saa. Ukitoa video kwa megabiti 4, ni nusu yake, GB 1.8 kwa saa. Kwa megabiti 24, ni mara tatu yake, GB 10.8 kwa saa. Hizo megabiti 8 si namba ya kubuni, ndicho kiwango ambacho YouTube yenyewe inapendekeza kwa video ya 1080p yenye fremu 24 hadi 30. Kwa 720p inapendekeza 5.

Muda wa kupandisha unapatikana kwa hesabu hiyo hiyo ukiigeuza. Faili lililotolewa kwa megabiti 8, likipandishwa kwa mtandao unaopeleka megabiti 4, litachukua mara mbili ya urefu wa video. Likitolewa kwa megabiti 4, litachukua sawasawa na urefu wake. Pima kasi ya kupeleka, usipime ya kupokea. Vipimo vya kasi vinaonyesha zote mbili, na watu wanafurahia ile kubwa, ambayo haiwahusu.

Shughuli ni moja, lakini kadi ina mafaili 17. Nipandishe yote 17?

Hapana. Hiyo ni kamera imekata yenyewe, si wewe. Kadi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja kuzidi GB 4, kwa hiyo kamera ikikaribia hapo inafunga faili na kufungua jingine bila kupoteza kitu. Ukivipandisha hivyo vilivyo, utamaliza idadi yako ya siku kwa shughuli moja na mtazamaji atakata tamaa. Viunganishe kwanza. Jinsi ya kuviunganisha iko kwenye mfano unaofuata.

## Mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: harusi ya saa 6 na dakika 20, Tukuyu

Nina saa 6 na dakika 20 za harusi, jumla GB 68. Mteja anataka zote YouTube. Nianzie wapi?

Hii ni kazi halisi, nimebadilisha kidogo tu. Kamera ilirekodi 1080 kwa megabiti 24, mafaili 17 ya `.MTS`. Chaneli ilikuwa imethibitishwa, urefu uko chini ya saa 12, ukubwa uko mbali na GB 256. Kwa sheria za YouTube, ruksa. Ila mtandao wa mahali nilipokuwa ulikuwa unapeleka megabiti 4 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, GB 68 zinachukua saa 38 bila kupumzika. Kwa hiyo swali la kweli ni ubora gani unaolingana na usiku mmoja.

Nikaweka chaguo mbili mezani. Kutoa kwa 1080p, megabiti 8: karibu GB 23, karibu saa 13 za kupandisha. Kutoa kwa 720p, megabiti 3: karibu GB 9, karibu saa 5. Nikachagua ya pili. Megabiti 3 ni chini ya zile 5 zinazopendekezwa, na sikufichi kwamba utaiona tofauti: watu wakicheza huku taa za rangi zinazunguka, picha inavunjika vimraba vidogo. Kwenye hotuba, nasaha na kukata keki huoni kitu. Watakaoitazama wengi wako kwenye simu, na mteja alipewa flashi yenye ubora wa juu. Mteja akitaka 1080p YouTube, ataongeza hela ya bando na atasubiri.

Kuunganisha nilitumia `ffmpeg`, programu ya bure isiyo na vitufe. Unaandika amri tu. Kwanza tengeneza faili la maandishi liitwalo `orodha.txt` kwenye folda yenye video, lenye majina yote kwa mpangilio, hivi:

```
file '00000.MTS'
file '00001.MTS'
file '00002.MTS'
```

Kisha:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mkv
```

Neno `copy` maana yake hairendi upya. Inagundisha tu, kwa hiyo ubora haushuki na kazi inaisha kwa muda unaotosha kunakili GB 68 kwenye diski yako. Hakikisha una nafasi hiyo. Ikishamaliza, angalia urefu wa faili jipya. Ukikuta haulingani na jumla ya vipande, kuna jina limerukwa kwenye orodha au limeandikwa mara mbili.

Baada ya hapo ndipo kupunguza:

```
ffmpeg -i nzima.mkv -vf yadif,scale=-2:720 -c:v libx264 -b:v 3M -maxrate 4M -bufsize 8M -c:a aac -b:a 128k harusi.mkv
```

Hiyo `yadif` ni kwa kamera zinazorekodi kwa mistari nusunusu, ile 50i. Ukiiacha, mikono ya wanaocheza inatoka na meno kama ya kitana. Kama kamera yako haifanyi hivyo, iondoe pamoja na mkato wake. Hiyo `3M` ndiyo kasi ya biti tuliyoizungumzia, na ukitaka kubadilisha uzito, badilisha hapo. Kwenye laptopu ya zamani hatua hii inaweza kuchukua muda mrefu kuliko harusi yenyewe. Iache usiku.

Mwisho, iweke kwenye MP4, aina ambayo YouTube inaitambua bila ubishi:

```
ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4
```

Asiyetaka amri atumie HandBrake, nayo ni ya bure, ina vitufe. Chagua 720p, kwenye kichupo cha Video weka Avg Bitrate iwe 3000, na utapata kitu kile kile. Ila kuunganisha vipande iwe umeshafanya kwingine.

Kwa nini unatoa kwanza MKV halafu MP4? Si kazi mara mbili?

Kwa sababu ya umeme. Faili la MP4 linaandika ramani yake mwishoni kabisa, baada ya picha zote kuisha. Umeme ukikatika na betri ya laptopu imekufa ukiwa umefika saa ya tano, unabaki na GB 7 zisizofunguka popote. Ukiliuliza `ffmpeg` litakujibu `moov atom not found`, yaani ramani haipo. MKV inaandika huku ikijieleza, kwa hiyo ikikatika unabakiwa na kilichokwisha andikwa, na unaweza kuendelea kuanzia hapo na kuunganisha. Kuhamisha kutoka MKV kwenda MP4 ni dakika chache. Nimeshalipia somo hili kwa harusi ya mtu, sitaki wewe ulipie.

Kwa nini hatimaye uliipandisha kwa sehemu mbili, wakati saa 6 na dakika 20 inaruhusiwa?

Kwa sababu ya mpaka ambao watu hawaujui mpaka uwakute. Ndani ya YouTube Studio kuna kihariri cha kukatia kipande cha video iliyokwisha panda: mjomba katoa siri ya ukoo kwenye hotuba, au muziki wa ukumbini umedaiwa na mwenye wimbo. Kwa video inayozidi saa 6, mabadiliko hayo yanaweza kugoma kuhifadhiwa. Na YouTube haikuruhusu kubadilisha faili chini ya linki ile ile. Ungelazimika kufuta, kupandisha upya saa 5 nyingine, na kutuma linki mpya kwa ukoo mzima.

Dakika 20 tu zilituvusha mpaka huo. Nikaikata mara moja, kwenye saa 3 na dakika 5, pale maharusi walipotoka kwenda kubadilisha nguo.

Upandishaji umekatika ukiwa asilimia 63. Naanza moja?

Si lazima. Fungua tena ukurasa wa kupandisha kwenye chaneli ile ile, chagua faili lile lile, na itaendelea ilipoishia, ilimradi ni ndani ya saa 24. Faili lisiguswe katikati. Usilirende upya, maana likishakuwa jingine hata kama jina ni lile lile, linaanza sifuri. Ndiyo sababu napenda faili la kupanda kwa saa 5 kuliko la saa 13: hata likikatika mara mbili, bado linamaliza ndani ya siku moja.

Usifunge kivinjari pale asilimia 100 za kupandisha zinapoonekana kukaribia. Subiri iseme imeanza kuchakata. Uchakataji unafanyika kwao, bando lako halihusiki tena. Video ndefu mwanzoni itaonekana kwa ubora hafifu, halafu 720p itajitokeza baadaye. Mteja akilalamika kuna ukungu kama wa Uporoto asubuhi, mwambie arudi jioni.

## Kukata video ndefu

Ni lini nikate na ni lini nipunguze uzito?

Kukata hakupunguzi uzito. Saa 6 zilizokatwa sita bado ni GB zile zile. Kata ikiwa tatizo lako ni muda: unazidi saa 12, unazidi saa 6 na unahitaji kuhariri baadaye, au mtandao wako haukai hewani muda mrefu kiasi cha kumaliza faili moja. Kama tatizo ni bando au kasi, punguza.

Na kama shida ni mtazamaji kutafuta keki ilipo, usikate kabisa. Andika sura kwenye maelezo ya video, kila mstari muda na jina. Ya kwanza lazima ianze 00:00, ziwe tatu au zaidi, zipangwe kwa kufuatana, na kila sura iwe na sekunde 10 au zaidi. Zikitimia hizo, YouTube inaugawa mstari wa video yenyewe. Mama wa kwenye swali lile la ibada angeipata keki kwa mguso mmoja.

Nikikata, nakata vipi bila kurenda upya?

Kwa harusi ile ya Tukuyu amri zilikuwa hizi mbili:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -t 03:05:00 -c copy sehemu1.mp4
ffmpeg -ss 03:05:00 -i harusi.mp4 -c copy sehemu2.mp4
```

Zinaisha kwa dakika chache. Sehemu ya pili haitaanza sekunde ile ile uliyotaja, itarudi nyuma kidogo hadi kwenye fremu iliyo kamili. Kwa faili lililorendwa kama nilivyoonyesha juu, inaweza kurudi nyuma hadi sekunde 10. Si hitilafu, na ni afadhali irudie kuliko ipoteze. Ndiyo maana unakata pale ambapo hakuna anayezungumza. Ukikata katikati ya nasaha za baba, marudio yataonekana.

Ukishapandisha, ziweke kwenye orodha moja ya kucheza na utume linki ya orodha, usitume ya sehemu ya kwanza.

Mkesha wetu unaanza saa 12 jioni na kuisha saa 1 asubuhi. Ni saa 13. Tufanyeje?

Kama mmerekodi, kateni vipande viwili kabla ya kupandisha. Faili la saa 13 litakataliwa hata kama ni jepesi kama karatasi. Ukitaka kuwa salama na mpaka wa kuhariri, kata vipande vitatu.

Kama mnarusha moja kwa moja, hapo ndipo pana maumivu, kwa sababu hamna cha kukata. YouTube inahifadhi yenyewe matangazo ya moja kwa moja yaliyo chini ya saa 12. Mkipitiliza msiitegemee kumbukumbu hiyo. Kata matangazo saa 6 usiku, wakati wa mapumziko ya chai, na mfungue mapya yenye jina "sehemu ya pili". Andikeni linki yake kwenye maoni ya ile ya kwanza. Na rekodini kwenye kadi au diski pembeni, msitegemee mtandao uwatunzie usiku mzima. Kanisa linalorusha kwa mara ya kwanza likumbuke pia kwamba kuwezesha matangazo ya moja kwa moja kunaweza kuchukua saa 24. Fanyeni siku mbili kabla ya mkesha.

## Idadi kwa siku

Imeandika nimefikia kikomo cha kupandisha kwa siku. Kikomo ni video ngapi?

Inategemea chaneli. Ninachoweza kusema ni jinsi kinavyohesabu: video zote za chaneli zinawekwa kapu moja, ziwe zimetoka kwenye kompyuta, kwenye simu au kwenye programu nyingine. Kuhamia kwenye simu hakusaidii. Kupanga video itoke kesho kwa ratiba nako hakusaidii, maana kinachohesabiwa ni kupandisha, si kutangaza. Subiri saa 24 ndipo uendelee.

Mpaka huu huwapata waliokata ovyo, kama mimi na vipande vyangu 18, na walimu wa kwaya wanaorudi kutoka kwenye tamasha na nyimbo thelathini. Kwa wa kwanza, tazama jibu la kuunganisha. Kwa wa pili, gawa nyimbo kwa siku mbili tatu. Watazamaji wenyewe hawawezi kusikiliza nyimbo thelathini kwa siku.

Kinaweza kuongezwa?

Ndiyo. Kwenye YouTube Studio fungua Settings, kisha Channel, kisha Feature eligibility. Utaona ngazi tatu. Ya kati inafunguka kwa namba ya simu, ya juu inafunguka kwa historia nzuri ya chaneli au kwa kuthibitisha utambulisho wako, kadiri unavyopewa chaguo. Ngazi ya juu inaongeza idadi ya siku. Onyo la hakimiliki au la kukiuka kanuni linaweza kuipunguza, kwa hiyo nyimbo za watu zilizolia ukumbini zina gharama ya pili ambayo haionekani mara moja.

## Nje ya YouTube

Mteja hataki linki, anataka WhatsApp.

Ukituma kama video ya kawaida, WhatsApp itaibana hadi sura zisitambulike. Itume kama dokumenti, ambapo mpaka ni GB 2 kwa faili. Kwa uzito wa mfano wetu, GB 2 ni saa 1 na dakika 25 hivi. Kata kila saa 1 na robo uwe salama. Mwambie mteja achunguze nafasi ya simu yake kwanza, maana wengi wanapokea kipande cha pili na simu inakataa kila kitu, hata picha za mjukuu. Telegram nayo inapokea GB 2 kwa faili bila kulipia.

Flashi ya GB 32 ni tupu, lakini inakataa video ya GB 9.

Ni ile FAT32 tena, ile ile inayokatakata mafaili kwenye kamera. Windows inasema `The file is too large for the destination file system`. Ukiifomati kwa exFAT itapokea, lakini luninga nyingi za zamani hazitaisoma, na mteja atakurudishia akisema umempa flashi mbovu. Mimi huiacha FAT32 na kukata video vipande vitatu vya saa 2 na dakika 10 hivi, kila kimoja GB 3, kwa amri zile zile za kukata. Vipe majina yanayoanza na 1, 2, 3. Luninga inapanga kwa majina, na usipofanya hivyo, bibi atatazama kutoa zawadi kabla ya ndoa.